Tundu la Nozeli na Presha ya Maji: Kwa Nini Nozeli Kubwa Hairushi Mbali Daima

(Maneno ya mazungumzo na wakulima, waosha vyombo vya moto na wenye maduka ya pembejeo, Malindi, Wilaya ya Lushoto)

Tumekuja kuzungumza juu ya kitu kidogo kinachotoshea katika kiganja cha mtoto, nacho ni nozeli: kile kipande cha shaba au plastiki chenye tundu, ambacho maji hupitia yakitoka kwenye springla au kwenye mashine ya kuoshea magari. Malalamiko tunayoyapokea kuhusu vifaa hivi mara nyingi huanza na maneno yale yale, kwamba kifaa hakirushi maji kama ilivyoahidiwa. Wakati mwingine kifaa kweli ni kibovu. Lakini mara nyingine kifaa ni kizima, na mwenye nacho ametoa fedha kununua nozeli isiyolingana na maji aliyonayo.

Tuanze na jambo ambalo kila mmoja wetu amewahi kulifanya. Ukishika mpira wa maji ulio wazi, maji hutoka mengi lakini huanguka karibu na miguu yako. Ukiziba nusu ya mdomo wa mpira kwa kidole gumba, maji hupungua lakini huruka mbali. Wengi husema kwamba kidole kimeongeza presha. Sivyo hasa. Kidole hakina pampu. Presha ilikuwapo tangu juu, kwenye chanzo, ila ilikuwa inaliwa njiani na mpira wenyewe. Ulipoziba mdomo, maji yakapita machache, yakasuguana kidogo na kuta za mpira, na presha ikafika mwishoni ikiwa bado hai. Kidole hakikuzalisha presha, kiliiokoa. Atakayeshika jambo hili moja atakuwa ameelewa sehemu kubwa ya mazungumzo ya leo.

Presha inatoka wapi?

Huku milimani wengi wenu hamtumii pampu kumwagilia kabichi, karoti na viazi. Mnakinga maji juu ya mteremko, kwenye kijito, kwenye tangi au kwenye bwawa dogo ambalo jirani zetu wa Upareni huliita ndiva, kisha mnayateremsha kwa mpira hadi shambani. Hapo pampu yenu ni mlima. Kila mita 10 za kimo kati ya uso wa maji ya juu na nozeli ya chini hutoa presha ya bar 1 hivi, na bar ndicho kipimo mtakachokisoma kwenye uso wa geji ya presha. Kinachohesabiwa ni kimo cha kushuka, wala si urefu wa mpira. Mpira wa mita 200 uliolala kwenye shamba tambarare hautoi presha yoyote, bali huila.

Presha inayofika kwenye nozeli ndiyo inayoamua mwendo wa maji yanapotoka, na hesabu yake ni fupi. Chukua presha kwa bar, tafuta kipeuo chake cha pili, kisha zidisha kwa 14. Jibu ni mwendo kwa mita katika sekunde. Bar 1 hutoa mita 14 katika sekunde. Bar 4 hutoa mita 28. Tazameni vizuri: presha imeongezeka mara nne, mwendo umeongezeka mara mbili tu. Tena katika hesabu hiyo hamna mahali palipoandikwa ukubwa wa tundu. Kama presha iliyo nyuma ya nozeli ni ile ile, tundu dogo na tundu kubwa hutoa maji kwa mwendo ule ule. Ukubwa wa tundu huamua ni maji kiasi gani yatapita, na hilo huamua ni presha kiasi gani itaachwa na mpira ifike kwenye nozeli.

Mama mmoja na nozeli mbili

Mkulima mmoja, mama mwenye bustani ya kabichi na karoti, alitueleza hivi: "Springla yangu ilikuwa inarusha vizuri, ila pembe za shamba zilikuwa zinabaki kavu. Nikamwambia kijana wa dukani, mwanangu, nataka irushe mbali zaidi. Akanipa nozeli yenye tundu kubwa, akasema, mama, hii ndiyo yenye nguvu. Nimeifunga, na sasa maji hayafiki hata pale yalipokuwa yanafika."

Alidhani ameuziwa bidhaa bandia. Tulikwenda naye shambani tukiwa na geji ya presha, ndoo ya lita 20 na saa.

Springla yake ni ile ya nyundo, yenye mkono unaopigwa na maji na kuizungusha. Mpira wake una upana wa ndani wa milimita 19, yaani ule unaoitwa robo tatu, na urefu wa mita 100. Tulifunga geji mwishoni mwa mpira, tukaziba maji yasitoke. Mshale ukasimama karibu na bar 3. Hapo tukajua, bila kupima mlima kwa kamba, kwamba tangi lake liko juu ya shamba kwa mita 30 hivi. Presha hiyo ya maji yaliyosimama ndiyo hazina yake yote. Hakuna nozeli duniani itakayompa zaidi ya hapo.

Kisha tulifunga nozeli yake ya zamani, yenye tundu la milimita 4, na kuyaacha maji yatiririke. Geji ikashuka hadi bar 2.3. Ule upungufu, wa bar 0.6 au 0.7, ndio uliochukuliwa na mpira kwa msuguano. Maji yalitoka kwa mwendo wa mita 21 hivi katika sekunde, springla ikazunguka kwa mdundo ulio sawa, na matone ya mwisho yakaanguka umbali wa mita 12. Tulivalisha kipande kifupi cha mpira juu ya nozeli kuyaongoza maji ndani ya ndoo. Ndoo ikajaa kwa sekunde 77, ambayo ni sawa na lita 15 na nusu kwa dakika.

Tukaweka nozeli mpya, ya milimita 8. Hapa yafaa kusimama kidogo, kwa sababu namba inadanganya macho. Tundu la milimita 8 si kubwa mara mbili kuliko la milimita 4. Upana ni mara mbili, lakini eneo la tundu ni mara nne, kama vile chapati yenye upana mara mbili inavyokula unga mara nne. Kwa hiyo, kama presha ingebaki palepale, maji yangetoka mara nne na ndoo ingejaa kwa sekunde 19. Haikuwa hivyo. Ndoo ilijaa kwa sekunde 38. Maji yaliongezeka mara mbili tu, na geji ikaanguka hadi bar 0.6.

Mpira mwembamba ulikuwa umelemewa. Upotevu wa presha ndani ya mpira haukui sambamba na maji. Maji yakiongezeka mara mbili, upotevu huongezeka karibu mara nne. Kwa nozeli ndogo mpira ulikula bar 0.6, kwa nozeli kubwa ulikula zaidi ya bar 2.3 kati ya bar 3 zilizokuwapo. Mwendo wa maji kwenye mdomo ukashuka kutoka mita 21 hadi mita 11 katika sekunde. Kwa mwendo huo, hata kama pasingekuwa na hewa ya kuyazuia, maji yaliyorushwa kwa mwinuko wa springla za kawaida, wa nyuzi 25 hivi, yasingevuka mita 10 kabla ya kurudi kwenye usawa yalikotoka. Nyundo nayo ilikuwa inapigwa kivivu, mara inasimama. Nozeli haikuwa bandia, wala muuzaji hakuwa ametaja milimita za uongo. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka: mama yetu alitaka maji mengi na mrusho mrefu kupitia mpira ule ule, na mpira ukamnyima kimojawapo.

Je, angefanya nini ili pembe za shamba zipate maji? Njia ya kwanza, iliyo nafuu kuliko zote, ilikuwa kurudisha nozeli ya milimita 4 na kuihamisha springla mara moja zaidi katika zamu yake. Njia ya pili ilikuwa kubadili mpira. Mpira wa ndani wa milimita 25, yaani wa inchi moja, hupoteza karibu robo tu ya presha inayopotea katika ule wa milimita 19, kwa maji yale yale na urefu ule ule. Kwa mpira huo nozeli yake ndogo ingepata karibu bar 2.8. Na kama kweli anataka nozeli ya milimita 8, basi ahesabu mpira wa ndani wa milimita 32. Hapo presha kwenye nozeli ingekuwa bar 2.3, sawasawa na alivyokuwa mwanzoni, na mrusho ungekuwa mrefu zaidi kwa sababu uzi mnene wa maji huvumilia hewa kuliko mwembamba.

Lakini nozeli hiyo ingekunywa lita 62 kwa dakika. Kijito chake hakitoi kiasi hicho wakati wa kiangazi, na majirani wa chini wanakitegemea pia. Alipoona hesabu hiyo, mama alichagua mpira wa inchi moja na nozeli yake ya zamani.

Hewa nayo ina lake

Huenda mmejiuliza: kama maji yanatoka kwa mita 21 katika sekunde, kwa nini yaanguke mita 12 tu? Kwa hesabu ya jiwe lililorushwa mahali pasipo na hewa, maji hayo yangefika mita 36. Tofauti hiyo yote ni kazi ya hewa. Uzi wa maji hutoka ukiwa mzima, kisha hukatikakatika na kuwa matone, na kila tone husukumana na hewa peke yake. Tone dogo huchoka upesi. Tone kubwa huenda mbali.

Kwa sababu hiyo, presha ikizidi mno nayo haisaidii. Huku kwenu kuna miteremko ambayo tangi linaweza kuwa mita 60 juu ya shamba. Bar 6 nyuma ya nozeli ya milimita 4 hupasua maji yakawa kama ukungu; upepo wa alasiri huyachukua kabla hayajagusa karoti, na mwenye shamba huona mrusho haukuongezeka kwa kadiri alivyotarajia. Zaidi ya hayo, mpira usiotengenezwa kubeba presha hiyo hupasuka usiku, pale mnapofunga koki chini na maji yakasimama. Kwenye mteremko wa namna hiyo ni bora kuweka tangi dogo la kati, maji yapumzike humo na kuanza kushuka upya, kuliko kununua springla nyingine.

Mnaweza kusoma presha bila geji kwa kutazama maji yenyewe. Presha ikiwa ndogo, uzi wa maji hubaki mzima hadi karibu na mwisho na kuangukia mbali kwa matone mazito. Ardhi hulowa kama pete, nje pamelowa na katikati pamekauka, na matone huchimba udongo wa mteremko. Presha ikiwa kubwa mno, mnaona wingu la ukungu kuzunguka springla, na maji mengi huanguka karibu nayo. Presha ikiwa ya kufaa, uzi huanza kuvunjika polepole njiani na ardhi hulowa pote, ijapokuwa pembeni hulowa kidogo zaidi ya kavu. Ndiyo maana springla mbili hupangwa mirusho yao ipishane.

Mashine ya kuoshea: mambo yamegeuka

Sasa tuwageukie vijana wanaoosha pikipiki na malori ya mboga. Mashine yenu nayo ina nozeli, lakini msichukue somo la springla mkalipeleka huko moja kwa moja, kwa maana kinachotawala ni tofauti. Kwenye mpira wa mlimani presha imewekwa na kimo, na nozeli huchagua kiasi cha maji. Kwenye mashine, pampu yenye pistoni husukuma kiasi kile kile cha maji kila inapozunguka, iwe nozeli ni ndogo au ni kubwa. Hapo kiasi cha maji kimewekwa na pampu, na nozeli ndiyo inayochagua presha.

Tuchukue mashine ya kawaida ya nyumbani, yenye kibandiko kinachosema presha ya kazi ni bar 100 na maji ni lita 6.5 kwa dakika. Kwa hesabu yetu ya kipeuo, bar 100 hutoa mwendo wa mita 140 katika sekunde, ambao unapita kilomita 500 kwa saa. Ili lita 6.5 zitoke kwa mwendo huo, tundu linapaswa kuwa na upana wa milimita 1 tu. Ni dogo kiasi hicho, na humo ndimo lilimo tatizo.

Maji yenye mchanga hulila tundu hilo kidogo kidogo. Likifika milimita 1.1, ambayo jicho haliwezi kuitambua, presha hushuka kutoka bar 100 hadi bar 68. Likifika milimita 1.2, presha hubaki bar 48. Nusu yake imekwisha. Pampu haijaharibika hata kidogo, inaendelea kusukuma lita zake 6.5, ila maji yanapita kwenye mlango mpana bila haja ya kukimbia. Kijana mmoja alituambia kwamba mashine yake ilipoishiwa nguvu aliambiwa na fundi abadili pampu nzima, kwa gharama iliyokaribia bei ya mashine mpya. Alichohitaji ni nozeli.

Mtajuaje kama ni nozeli au ni pampu? Kama mashine yenu inaweza kuvuta maji kutoka kwenye chombo, weka mpira wa kuvutia ndani ya ndoo ya lita 20 yenye alama ya lita 10. Washa mashine nozeli ikiwa mahali pake, bana kifyatulio bila kuachia, na pima muda wa maji kushuka kutoka alama ya 20 hadi ya 10. Zima kabla ndoo haijakauka, maana pampu isinywe hewa. Mashine ya lita 6.5 kwa dakika inapaswa kutumia lita 10 kwa sekunde 92 hivi. Ikiwa muda ni huo na nguvu ya kuosha imepungua, pampu inafanya kazi yake na nozeli ndiyo ya kushukiwa kwanza. Ikiwa muda umerefuka sana, maji hayapiti kama yanavyopaswa: angalia chujio la kuingizia na uchafu ulioziba nozeli, kisha ndipo uifikirie pampu, vali zake na mpira wake wa kuzuia maji.

Ndoo hiyo hiyo hutumika pia upande wa bomba. Kama bomba linaloilisha mashine halijazi ndoo ya lita 20 ndani ya dakika 3, halitoshi kwa mashine hii. Pampu itavuta hewa, mlio utabadilika na maji yatatoka kwa kukohoa. Hapo wengi hulaumu mashine, ilhali yenye njaa ni pampu.

Yupo pia anayewaza hivi: kama tundu pana hupunguza presha, basi nitafute tundu jembamba zaidi nipate presha zaidi. Tunawasihi msifanye hivyo. Nozeli ya milimita 0.8 kwenye mashine hii ingedai zaidi ya bar 240 ili kupitisha maji yale yale. Vali ya usalama ikiwa nzima itafunguka na kurudisha maji nyuma, na hutapata unachotafuta. Vali ikiwa mbovu, mpira hupasuka au mota huungua. Nozeli ya kununua ni ile iliyotajwa kwa presha na lita za mashine yako.

Na hapa tunatoa onyo ambalo halina mzaha. Uzi wa maji wa bar 100 ukiwa karibu na mkono hupenya ngozi na kuingiza maji na uchafu ndani ya nyama. Jeraha huonekana kama tundu la sindano, tena huenda lisiume sana mwanzoni. Mtu aliyepatwa na hilo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, bila kungoja uvimbe, na amweleze mganga kwamba ni maji ya presha. Msiangalie nozeli iliyoziba mashine ikiwa imewashwa, wala msiielekeze kwa mwenzenu kwa utani.

Labda mtauliza: mbona mashine yenye mwendo wa kilomita 500 kwa saa hairushi maji mbali kama springla? Sababu ni ile ile ya hewa. Uzi wake ni mwembamba, tena nozeli nyingi huusambaza kama upepeo. Hupasuka na kuwa ukungu ndani ya mita chache. Mwendo mkubwa kwenye mdomo si mrusho mrefu. Ndiyo maana uchafu sugu huondoka nozeli ikiwa umbali wa shibiri moja au mbili, na ukirudi nyuma mita 2 unalowesha tu. Ndiyo maana pia rangi ya gari au tairi huharibika mtu akisogeza nozeli karibu mno.

Mnapokwenda dukani

Tuwaombe wenye maduka mtuvumilie, kwa kuwa yanayofuata yanawahusu.

Kwa springla, mnunuzi aende dukani akijua namba tatu: presha ya maji yaliyosimama, upana wa ndani wa mpira wake na urefu wake. Kisha aombe jedwali la mtengenezaji, linaloonyesha kwa kila nozeli na kwa kila presha ni lita ngapi hupita na mrusho ni mita ngapi. Sanduku likisema "mita 24" bila kutaja presha, maneno hayo hayajasema kitu. Uliza pia kama ni mita kutoka springla hadi tone la mwisho, au ni upana wote kutoka ukingo hadi ukingo, kwa sababu mita 24 za upana ni mita 12 za mrusho. Na ukumbuke kwamba presha ya kutazama kwenye jedwali ni ile inayofika kwenye nozeli maji yakitiririka, si ile ya koki iliyofungwa.

Kwa mashine ya kuoshea, kibandiko huwa na presha mbili: ya kazi na ya juu kabisa. Sanduku hupenda kuandika ile ya juu kwa herufi kubwa. Linganisheni mashine kwa presha ya kazi na kwa lita kwa dakika, zote mbili pamoja. Ikiwa namba imeandikwa kwa MPa, zidisha kwa 10 upate bar. Ikiwa ni psi, kila 1450 ni bar 100.

Kwa nozeli ya springla iliyokwishatumika, kipimo chake ni rahisi. Chukua biti mpya ya kutobolea chuma yenye milimita zilizoandikwa kwenye nozeli, ingiza upande wake laini wa nyuma ndani ya tundu. Ikicheza, nozeli imelika. Tundu la milimita 4 likifika 4.4, hupitisha maji zaidi kwa karibu sehemu moja ya tano, na mpira mwembamba utayalipia maji hayo kwa presha. Mito yenu hubeba udongo baada ya mvua. Chujio la wavu kwenye mdomo wa kukingia maji hugharimu kidogo kuliko nozeli za kila msimu.

Mwisho, tunzeni risiti. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mnunuzi, na Tume ya Ushindani ndiyo yenye jukumu la kuisimamia. Lakini lalamiko lisemalo "hairushi" ni gumu kulifuatilia. Lalamiko lisemalo "kwa presha ya bar 2.3 kwenye nozeli, sanduku liliahidi mita 14, nami nimepima mita 9" lina miguu ya kusimamia. Geji, ndoo na saa ndivyo vinavyolipa miguu hiyo.

Yule mama tulimwacha akifunga mpira wake mpya. Nozeli ya milimita 8 alikuwa ameirudisha dukani ikiwa bado safi, na kijana wa dukani akaipokea bila ubishi baada ya kuonyeshwa zile sekunde mbili za ndoo: 77 na 38. Alizitazama kwa muda, kisha akasema, "Basi mama, nami nilikuwa sijui." Sasa anajua, na tunatumaini nanyi pia.